Tempe ya soja katika baridi ya Bukavu: usiku wa kuipasha, mchana wa kuipoza

Tempe ni soja iliyochemshwa ikashonwa na nyuzi nyeupe za kuvu hadi iwe kipande kimoja kigumu. Anayeipika Java, kisiwa cha Indonesia ambako chakula hiki kilianzia, huifunga soja jioni, anaiweka kwenye rafu jikoni na kwenda kulala. Hewa yenyewe inamfanyia kazi. Sisi Bukavu tuko juu karibu mita 1,500, na usiku joto hushuka hadi digrii 15 au 16. Kuvu inayotengeneza tempe inataka digrii 30 hadi 32. Kwa hiyo wengi wanaojaribu hapa wanatafuta joto, wanalipata, kisha wanaharibu kila kitu siku ya pili kwa sababu hawakujua wakati wa kuliondoa.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kabla ya kununua hata gramu moja ya soja. Kuvu ikiwa changa haina joto lake, inategemea lile unaloipa. Baada ya saa 12 hadi 18 inaanza kula kwa nguvu na kutoa joto yenyewe, na pakiti inaweza kupita digrii 40 ndani ya sanduku ambalo saa chache kabla lilikuwa baridi. Kuanzia hapo kazi yako inageuka: hupashi tena, unapoza. Mwongozo huu unafuata kilo moja ya soja kavu tangu kuloweka hadi kutoa, na umepangwa ili mgeuko huo ukukute ukiwa macho.

Vitu vya kuandaa

Kilo moja ya soja kavu, ya mwaka huu ukiweza kuipata, isiyo na vumbi la wadudu. Siki, yaani ile vinegre ya kawaida ya dukani, vijiko vinne vya mezani. Majani ya mgomba, na mifuko miwili midogo ya plastiki inayoonyesha ndani. Glasieri, au boksi la karatasi ngumu lenye blanketi. Bidoni moja la mafuta la lita 5, lililooshwa, lenye kifuniko kisichovuja.

Chachu ya tempe ni unga mkavu wenye mbegu za kuvu, na kwenye pakiti utasoma jina Rhizopus oligosporus. Ni lazima iwe hii. Hamira ya mkate haifanyi kazi hii, wala ukungu uliojiotea kwenye mkate au mihogo. Itunze mahali pakavu na baridi, imefungwa vizuri, kwa maana unyevu kidogo tu unaichosha kabla ya siku yake.

Halafu nenda famasi ununue kipimajoto cha homa, kile cha namba, kiwe cha jikoni peke yake. Kinafaa kazi hii kuliko watu wanavyodhani. Vingi huandika `Lo` joto likiwa chini ya digrii 32, na `H` au `Hi` likipita 42 na kitu, na hiyo ndiyo mipaka miwili tunayoihitaji. Kumbuka tu kwamba kinashika joto la juu kabisa kilichokutana nalo, kwa hiyo kila unapopima kizime, kiwashe tena, na ungoje kilie.

Ijumaa usiku hadi Jumamosi mchana: soja

Loweka soja Ijumaa usiku katika maji mengi, mara tatu ya ujazo wake. Jumamosi karibu na mchana itakuwa imevimba. Isugue kwa viganja ndani ya maji hadi maganda yatoke na punje zigawanyike mara mbili. Maganda yataelea, yamwage, ongeza maji, rudia. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato, maana kuvu haipenyi ganda. Punje chache zikibaki na maganda si neno, lakini nusu ya sufuria ikibaki nayo utapata tempe inayomeguka kama mchanga.

Chemsha katika maji mapya. Kwa urefu tulioko maji huchemka karibu na digrii 95, kwa hiyo usifuate dakika 30 zinazotajwa na watu wa pwani. Iache kwenye babula saa nzima, moto wa makala ukiwa wa wastani, huku ukitoa povu. Imefika pale punje inapobonyea kati ya vidole viwili lakini haigeuki uji.

Chuja, kisha nyunyizia siki soja ikiwa bado ya moto na ugeuze vizuri. Sababu yake ni hii. Kwenye nchi za joto maji ya kulowekea huchachuka yenyewe usiku mmoja, na ule uchachu ndio unaozuia bakteria wa kuozesha wakati kuvu bado ni dhaifu. Maji yetu ni ya baridi, hayachachuki vya kutosha. Siki inaziba pengo hilo.

Sasa kausha, na hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu unyevu unaoharibu tempe nyingi ni huu wa juu ya punje, kabla hata hujafikiria unyevu wa hewa. Rudisha soja kwenye sufuria, moto mdogo sana, geuza dakika tano hadi mvuke upungue. Kisha itandaze juu ya kitambaa safi cha pamba, ipepee, igeuze. Chukua ngumi moja ya soja, ifinye, ifungue. Kiganja kikibaki kinang'aa maji, endelea kukausha. Kikibaki na ubaridi tu, inatosha. Punje iwe laini ndani na kavu nje. Maji yakibaki kati ya punje yanaziba hewa, na pale pasipo na hewa bakteria wanashinda.

Subiri ipoe. Chomeka kipimajoto katikati ya lundo: kikionyesha `H` au hata 38, bado. Kikifika 35 au chini, nyunyiza chachu. Kwa kilo moja ya soja kavu, chachu nyingi za unga zinahitaji vijiko viwili vidogo vya chai, lakini pakiti yako ikisema vingine ifuate pakiti. Changanya dakika mbili au tatu kamili, kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa. Mbegu zisizofika upande mmoja wa bakuli huacha upande huo bila kuvu, na upande huo ndio utakaooza.

Jumamosi saa 12 jioni: kufunga

Nimechagua jioni makusudi. Mama mmoja wa Kadutu anayeuza soja aliwahi kuniuliza kwa nini tempe yake inakuwa nzuri pembeni na mbaya katikati, na nilipomuuliza anafunga saa ngapi akasema, "Asubuhi papa, kabla ya kwenda soko." Akifunga asubuhi, kuvu inaanza kutoa joto lake usiku, yeye akiwa amelala na sanduku limefungwa na kufunikwa blanketi. Asubuhi anakuta katikati pameiva kwa joto. Ukifunga jioni, saa zinazohitaji kupashwa zinaangukia usiku, ambapo bidoni la maji moto linafanya kazi peke yake, na saa za hatari zinaangukia mchana wa Jumapili, uko nyumbani.

Pitisha majani ya mgomba juu ya moto hadi yalainike na kubadilika rangi, yapanguse kwa kitambaa safi, kisha funga pakiti bapa zenye unene wa sentimita 2 hadi 3. Usizidishe unene huo. Pakiti nene haitoi joto lake la katikati, hata ufungue sanduku lote. Jani halihitaji kutobolewa, hewa inapita kwenye mikunjo.

Zile pakiti mbili za mwisho zifunge kwenye mifuko ya plastiki, uitoboe kwa sindano pande zote, tundu hadi tundu kama sentimita moja. Hizi zitakuonyesha ndani kinachoendelea bila kufungua majani.

Usiku wa kwanza: kupasha

Jaza bidoni nusu maji yaliyochemka na nusu maji ya bomba. Mchanganyiko huo utakuwa karibu digrii 57, moto wa kutosha lakini hauharibu plastiki. Lizungushie kikwembe na ulilaze upande mmoja wa glasieri. Pakiti zikae upande wa pili, juu ya vijiti au waya, zisiguse bidoni wala sakafu ya sanduku, na kati ya pakiti na pakiti paingie kidole. Kipimajoto kikae kati ya pakiti mbili, usikichomeke ndani ya soja.

Pima baada ya saa moja. Unachotaka ni kipimajoto kinachosita kati ya `Lo` na 32 na kidogo. Kikionyesha 35 au zaidi, fungua mfuniko kidogo. Kikibaki `Lo` na ukigusa jani unahisi ubaridi, maji yamekwisha nguvu. Kabla ya kulala, saa 4 au saa 5 usiku, badilisha maji. Bidoni la lita 5 ndani ya glasieri nzuri linashika hadi alfajiri. Anayetumia boksi na blanketi atalazimika kuamka mara moja.

Usiku joto likishuka hadi 25, tempe haifi, inachelewa tu. Ndiyo maana ninapendelea kukosea upande wa baridi kuliko upande wa moto. Lakini likikaa chini ya 20 saa nyingi, bakteria wanaovumilia baridi wanapata nafasi, na siki haiwezi kuwazuia milele.

Ama unyevu wa hewa, ndani ya sanduku unataka asilimia 70 hadi 80 hivi, na huhitaji kifaa cha kuupima. Soja yenyewe inatoa mvuke wa kutosha. Mara nyingi hapa kwetu shida ni kuzidi, hasa miezi ya mvua: utaona matone yamening'inia chini ya mfuniko. Matone hayo yakidondoka juu ya pakiti yanatengeneza madoa ya utelezi. Tandika kitambaa kikavu chini ya mfuniko ili kiyanywe, na weka kijiti ukingoni ili pabaki upenyo mwembamba. Kati ya Juni na Agosti hali inageuka. Hewa ni kavu, na anayetumia boksi la karatasi ataona punje za juu zimekuwa ngumu, za njano iliyokolea, bila nyuzi nyeupe. Hapo weka kikombe cha maji ndani ya boksi, kando ya bidoni. Ukungu mwembamba wa mvuke ndani ya mfuko wa plastiki si tatizo, ni dalili njema kwamba kuvu inapumua. Maji yanayotiririka na kutuama kwenye pembe ya mfuko, hilo ndilo tatizo.

Jumapili: kupoza

Asubuhi, saa 12 tangu ufunge, angalia pakiti za plastiki. Utaona weupe hafifu kati ya punje. Toa bidoni wakati huo huo, au liache humo likiwa limekwisha poa, lakini usiongeze maji moto hata kama nyumba ina baridi. Huu ndio mkono ambao watu wengi hawauzuii: wanaona weupe, wanafurahi, wanaongeza moto ili iwahi.

Pima kila saa moja au mbili. Kati ya saa ya 14 na ya 20 utaona 33, 34, halafu 36. Ikifika 36 au 37, fungua mfuniko nusu na utenganishe pakiti zaidi. Ikifika 38, zitoe kabisa sandukuni uzipange juu ya waya mezani, zimefunikwa kwa kitambaa chepesi, na uzigeuze chini juu. Mchana wa Bukavu una digrii 25 hivi, unatosha kuzipoza. Kipimajoto kikirudi kwenye `Lo`, zirudishe. Ikikaa juu ya 42, kuvu inakufa au inasimama, na bakteria wanaopenda joto wanachukua soja yote.

Jioni, saa ya 24, pakiti inapaswa kuwa nyeupe pande zote na kuanza kushikamana. Iko tayari kati ya saa ya 24 na ya 36: ukiinua kipande kwa ncha moja hakipindi, ukikikata punje zimeshonwa na nyuzi nyeupe hadi katikati, na harufu ni ya uyoga mbichi. Kilo yako imekuwa kilo 2 kasoro kidogo.

Ikienda vibaya

Anza na pua, macho yafuate. Harufu ya uyoga, au ya chachu tamu kidogo, ni njema. Harufu kali inayochoma pua, ile ya amonia kwenye choo kisichomwagiwa maji, ina maana mbili. Ikiwa pakiti ni nyeupe, ngumu, na harufu ni hafifu, basi imepitiliza muda wake: toa upesi, ipoe, ipikwe leo. Ikiwa pamoja na harufu hiyo kuna utelezi, au ukitenganisha punje mbili zinavuta nyuzi zenye ute, bakteria wameshinda. Hiyo haiokolewi kwa kupika. Tupa.

Kisha tazama weupe uko wapi. Pembeni peupe na katikati pakahawia, pameloa: katikati palipata moto kupita kiasi, pakiti ilikuwa nene au ilichelewa kupozwa. Katikati peupe na pembeni patupu: pembeni palipata baridi au palikauka, na ikiwa harufu ni safi unaweza kuongeza saa chache za joto la 31. Madoa matupu yaliyotawanyika hovyo ni chachu isiyochanganywa vizuri au matone ya mfuniko. Na soja ambayo baada ya saa 20 haina hata uzi mmoja mweupe? Inuse. Ikinuka soja iliyochemshwa tu, joto lilikuwa dogo, ipe maji moto mapya usubiri. Ikinuka uchungu wa kuoza, chachu ilikuwa mfu au uliimwaga kwenye soja ya moto ikaungua, na bakteria wamekaa peke yao usiku mzima.

Rangi. Madoa ya kijivu au meusi, hasa karibu na matundu ya sindano, ni mbegu za kuvu ile ile, zinazotokea palipo na hewa nyingi au muda ukizidi. Yanalika. Kijani, bluu, njano ya kung'aa, waridi, chungwa: ni viumbe vingine, na usikate doa ukala kilichobaki, maana nyuzi na sumu za kuvu zinaenea kupita pale jicho linapoona. Pakiti nzima iende jalalani, na sanduku lioshwe kwa maji na Javel kabla ya kutumika tena.

Kuna hatari moja isiyoonekana wala kunuka, na ninaiweka peke yake kwa sababu hiyo. Indonesia walikuwa na tempe ya makapi ya nazi, tempe bongkreki, iliyoua watu wengi. Bakteria fulani akiingia kwenye nazi hutengeneza asidi ya bongkreki, sumu isiyo na ladha, isiyoharibiwa na kupika. Serikali yao iliipiga marufuku mwaka 1988. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji, na uchunguzi wa baadaye ulikuta sumu hiyo hiyo. Unga wa mahindi ulikuwa miongoni mwa viungo vyake. Kwa hiyo kwenye mwongozo huu usiongeze nazi, wala kupunguza gharama kwa kuchanganya unga wa mahindi. Soja peke yake, yenye siki, kwenye joto ulilolipima.

Baada ya kutoa

Tempe haiachi kufanya kazi kwa sababu umeifungua. Ikibaki nzima imerundikwa, inaendelea kujipasha na kuiva. Itandaze ipoe, kisha ichemshe kwa mvuke dakika 15 hata kama utaila kesho. Penye friji inakaa siku nne au tano. Pasipo na friji, iliyochemshwa ipikwe siku hiyo au kesho yake mchana. Usiile mbichi. Vipande vyembamba vilivyolowekwa kwenye maji ya chumvi na kitunguu saumu, vikakaangwa kwa mafuta ya mawese hadi viwe vikavu pembeni, vinakwenda vizuri na bugali na lengalenga. Kwenye sombe vitie mwishoni, dakika kumi kabla ya kuepua, la sivyo vinavunjika.

Kwa kila pakiti ambayo haikufana, weka kumbukumbu kwa maandishi: saa uliyofunga, saa uliyobadilisha maji, namba za kipimajoto. Glasieri yako, ukuta wa jikoni lako na unene wa pakiti zako vina mwendo wao, na mara ya tatu au ya nne utajua saa ipi ya Jumapili ndiyo ya kufungua mfuniko.